Sehemu ya mafunzo kwenye ripoti ya kufunga mradi: namna ya kutaja kosa bila kumsulubisha mtu

Kila mwaka Mei ikielekea ukingoni, simu zinaanza. Miradi mingi hapa Dar es Salaam inafungwa tarehe 30 Juni pamoja na mwaka wa fedha, na ripoti ya kufunga inatakiwa wiki chache baadaye, ikiwa na sehemu ya mafunzo, yaani yale ambayo mradi umejifunza kutokana na yaliyokwama. Swali linalonifikia ni lile lile, hata kama anayeuliza ni mgeni: "Dada, sehemu ya mafunzo imerudishwa. Mkurugenzi anasema tumemshambulia mwenzetu. Lakini nikitoa jina, mfadhili atasema hatujasema kitu. Sasa niandikeje?"

Jibu langu ni hili. Ukitoa jina, pale lilipokuwa usipaache wazi. Weka hatua ya kazi ambayo jambo lilikwama. Wanaoanza hutoa jina na kosa vyote kwa pamoja, kisha wanapachika neno "changamoto". Ripoti inapita, na mradi unaofuata unakwama palepale.

Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Nimeuchanganya kutokana na ripoti kadhaa nilizohariri, nikabadilisha tarehe na fedha ili asitambulike mtu. Ni mradi wa mwaka mmoja wa kujenga vituo vya kunawia mikono, pamoja na mashimo ya kupokea majitaka, katika shule sita za msingi Wilaya ya Temeke. Rasimu ya kwanza ilisema hivi:

> Mradi ulichelewa kutokana na uzembe wa afisa manunuzi ambaye alikaa na maombi ya vifaa kwa wiki sita bila kuyashughulikia. Injinia hakufuatilia kwa karibu. Pia jamii ilikuwa na mwamko mdogo, hivyo haikushiriki ipasavyo.

Mkurugenzi akairudisha. Ikaandikwa tena:

> Mradi ulikumbana na changamoto za manunuzi na hali ya hewa, hali iliyoathiri utekelezaji kwa wakati. Ushirikishwaji wa jamii unahitaji kuimarishwa.

Ya kwanza inamwumiza mtu, ya pili haimfundishi yeyote. Tunatafuta ya tatu.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Rasimu iliyopo, hata ikiwa mbaya. Usiifute, maana hasira iliyomo inakuonyesha pa kuchimba.
- Mpango kazi wa mwanzo kabisa, ule uliosainiwa. Mipango iliyorekebishwa katikati ya mradi huwa imeshameza ucheleweshaji, kwa hiyo huwezi kuuona.
- Karatasi zenye tarehe: fomu za maombi, madokezo, profoma, oda za ununuzi, hati za kupokelea mali, leja ya stoo, hati za malipo, barua pepe. Kundi la WhatsApp la mradi litumie kutafutia tarehe tu. Usinukuu maneno ya mtu kutoka humo.
- Watu watatu hadi watano walioigusa kazi yenyewe, kila mmoja kwa nusu saa, peke yake.
- Nusu siku kwa kila funzo. Ukiwa na mafunzo kumi na mawili na siku mbili, chagua manne.
- Neno la anayesaini ripoti. Muulize mapema, kabla hujaongea na mtu: "Bosi, watakayoniambia kwa ajili ya sehemu hii yatatumika kwenye nidhamu?" Akisema ndiyo, au akisita, usiwaahidi watu usiri usioweza kuulinda. Waambie ukweli huo kabla hawajafungua mdomo.

## Hatua

1. Tenga kwanza yasiyo ya sehemu hii.

Wizi, rushwa, kughushi risiti, unyanyasaji wa aina yoyote: hayo yana milango yake. Yapo ya kupeleka kwenye uongozi na bodi, na yapo ya TAKUKURU au polisi. Ukiyapitisha kwenye sehemu ya mafunzo na kuyalainisha, umeyaficha. Kilichobaki kwako hapa ni mlango uliokuwa wazi: kwa mfano, kwamba mtu mmoja alikuwa akiagiza mali, akiipokea na kuandika leja. Hilo liandike.

Kuna upande wa pili pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Sentensi kama "afisa manunuzi alizembea", ikiwa imesainiwa na kupelekwa kwa mfadhili, ni hukumu iliyotolewa kabla mhusika hajasikilizwa. Nimewahi kuona sentensi ya namna hiyo ikimfuata mtu hadi kwenye usaili wa kazi nyingine, na yeye mwenyewe hakuwahi kuulizwa hata swali moja.

2. Pigia mstari kila neno la hukumu na kila neno la kujificha.

Tumia kalamu mbili. Nyekundu ipite chini ya maneno yanayompima mtu: uzembe, kutowajibika, alipuuza, alishindwa, hakufuatilia, hana uwezo, uelewa mdogo. Bluu ipite chini ya maneno yanayofukia jambo: changamoto, kulijitokeza, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu, kuimarishwa, ipasavyo, kwa wakati.

Bluu ndiyo inayowashangaza watu, kwa sababu Kiswahili chetu cha ofisini kinairahisisha sana. Angalia sentensi hizi tatu: "Fulani alichelewesha vifaa." "Vifaa vilicheleweshwa." "Vifaa vilichelewa." Ya kwanza inamtaja mtu. Ya pili imemwondoa, lakini msomaji bado anauliza: na nani? Ya tatu inafanya vifaa vionekane vimechelewa vyenyewe, kama abiria aliyekosa gari. Wengi hutoka ya kwanza wakakimbilia ya tatu wakidhani wameponya sentensi, kumbe swali la "vilikwama wapi?" wamelizika pamoja na jina.

"Mwamko mdogo wa jamii" nalo lipigie nyekundu. Watu hawalioni kuwa ni lawama kwa sababu halimtaji mtu mmoja, lakini ni lawama kwa mtaa mzima. Nitalirudia mbele kidogo.

3. Panga tarehe, kisha hesabu siku.

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua karatasi moja, andika tarehe kushoto na kilichotokea kulia. Usiandike jina wala sababu bado. Kwa mfano wetu, zile karatasi zilitoa hivi:

- 6 Januari: ombi la saruji, matofali na mabomba linafika ofisi ya manunuzi.
- Siku chache baadaye: ombi linarudishwa kwa mdomo, kwa sababu halikutaja kipenyo na unene wa mabomba.
- 20 Januari: ombi linafika tena, likiwa kamili.
- 24 Januari: profoma tatu zimepatikana. Bei zinadumu siku 30.
- 27 Januari: dokezo linapelekwa kusainiwa. Kiasi kinazidi shilingi milioni 5, kwa hiyo sahihi mbili zinahitajika. Mwenye sahihi ya pili yuko safarini Dodoma.
- 23 Februari: muda wa bei unaisha.
- 25 Februari: sahihi ya pili inapatikana. Muuzaji anatoa bei mpya iliyo juu kuliko ile iliyoidhinishwa, dokezo linaandikwa upya.
- 10 Machi: oda inatoka.
- 18 Machi: vifaa vinafika. Mvua zimeshaanza.

Jumla ni siku 71. Sasa zigawe kufuata mahali zilipotumika: siku 14 ombi likisubiri kukamilishwa, siku 4 kutafuta profoma, siku 3 kuandaa dokezo, siku 29 kusubiri sahihi, siku 13 kurudia idhini, siku 8 za muuzaji kuleta mzigo.

Zile "wiki sita" za rasimu ya kwanza zilikuwa kweli: toka 27 Januari hadi 10 Machi ni siku 42. Ila siku 29 kati ya hizo dokezo lilikuwa kwenye trei ya kusubiri sahihi, na 13 lilikuwa likizungushwa upya kwa sababu bei zilikuwa zimekwisha muda. Kazi ambayo meza ya manunuzi iliimaliza yenyewe ilichukua siku 7. Mtu aliyeandikwa mzembe alikuwa ndiye aliyeonekana akiulizwa kila asubuhi, "vifaa viko wapi?", na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akijibu, lawama ikakaa kwake.

*Tahadhari:* usijaze pengo la tarehe kwa kumbukumbu ya mtu mmoja. Pale pa kurudishwa kwa mdomo hapakuwa na karatasi, ndiyo maana nimeandika "siku chache baadaye". Pengo lenyewe ni habari. Linakuambia kwamba ombi linaweza kurudi nyuma bila kuacha alama popote.

4. Ongea na watu, mmoja mmoja, ukianzia na aliye karibu na kazi.

Anza na mtunza stoo, fundi, mwalimu mkuu. Mkurugenzi awe wa mwisho. Usimwulize mtu "kwa nini hukufanya", kwa sababu kwa Kiswahili swali hilo tayari ni karipio na atakujibu kwa kujitetea. Uliza alichokiona: "Siku ile dokezo linarudi, lilikuwa na nini?" "Ulijuaje kuwa bei zimekwisha muda?" "Ungetaka kuharakisha, ungempigia nani?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililotupa funzo zima. Afisa manunuzi alijibu: "Nisingempigia mtu. Malipo hayana kaimu. Bosi akisafiri, tunasubiri." Hakulisema kwa uchungu hata kidogo. Aliliona ni jambo la kawaida, kama mvua.

Injinia naye alipoulizwa kuhusu kipenyo cha mabomba, alitoa fomu ya maombi kwenye droo. Ina safu ya "aina ya kifaa", "idadi" na "makadirio ya bei". Safu ya sifa za kiufundi haipo. Wengine walikuwa wakiziandika pembeni kwa mkono, yeye alikuwa mgeni, hakujua.

5. Mbadilishe mtu kichwani.

Jiulize: angekaa pale mtu mwingine mwenye ujuzi wa kawaida, akapewa fomu ile ile, trei ile ile na bosi yuko Dodoma vile vile, matokeo yangekuwa tofauti? Kama jibu ni hapana, una funzo la mradi. Kama jibu ni ndiyo, wengi wangefanya tofauti, basi huenda ni suala la mtu na msimamizi wake, nalo liende kwenye mazungumzo yao ya tathmini ya kazi. Kwenye ripoti halina nafasi, hata kwa mafumbo.

Mara nyingi utapata mchanganyiko. Afisa mwingine labda angemkumbusha muuzaji aongeze muda wa bei. Ni kweli. Lakini kama kazi nzima inategemea mtu akumbuke tarehe ambayo haijaandikwa kwenye dokezo wala kalenda, udhaifu unaoweza kuutengeneza ni kutoandikwa kwa tarehe hiyo.

Sasa turudi kwenye ule "mwamko mdogo". Tulipouliza, tukakuta mkutano wa wazazi uliitishwa Jumanne saa nne asubuhi, na tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa siku moja kabla. Wazazi wa eneo lile wengi ni wachuuzi sokoni na waendesha bodaboda. Saa nne ndiyo wanatafuta riziki. Weka mtaa wowote mwingine wa Dar pale, mahudhurio yangekuwa yale yale. Basi andika saa na siku ya mkutano, "mwamko" ufute kabisa.

6. Andika upya, ukianza na kichwa chenye jambo.

Kichwa cha funzo kisiwe "Manunuzi". Kiwe sentensi inayobeba kilichotokea, ili hata asiyesoma aya apate habari. Kisha fuata mpangilio huu: kilichotokea, athari, kilichoruhusu, kitakachobadilika. Hivi ndivyo ilivyotoka:

> Vifaa vya mashimo vilifika siku 71 baada ya kuombwa, masika yakiwa yameanza
>
> *Kilichotokea.* Mpango kazi ulitenga siku 30 toka ombi hadi vifaa kufika, ili uchimbaji ufanyike Februari. Ombi liliwasilishwa 6 Januari, vifaa vikafika 18 Machi. Uchimbaji ulifanyika ndani ya masika. Mashimo ya shule mbili zilizo bondeni yalijaa maji na kingo zake zikabomoka.
>
> *Athari.* Mashimo hayo mawili yalichimbwa upya mwanzoni mwa Juni kwa shilingi 3,860,000 ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Wanafunzi wa shule hizo walikaa bila vituo vya kunawia kwa miezi mitatu zaidi ya ilivyopangwa.
>
> *Kilichoruhusu.* Fomu ya ombi haina safu ya sifa za kiufundi, na ombi lenye upungufu hurudishwa kwa mdomo bila kuandikwa kwenye rejista. Siku 14 zilipita hapo. Malipo yanayozidi shilingi milioni 5 yanahitaji sahihi mbili, lakini hakuna utaratibu wa kukaimisha sahihi ya pili mwenye nayo anaposafiri. Dokezo lilisubiri siku 29. Muda wa bei za profoma haukuandikwa kwenye dokezo, ukaisha kabla ya idhini, na idhini ikarudiwa kwa siku 13. Mpango kazi haukuonyesha kuwa masika, ambayo Dar es Salaam huanza Machi, ndiyo yalikuwa mwisho wa uchimbaji, kwa hiyo ucheleweshaji wa Februari haukuonekana kuwa ni hatari.

Hesabu walivyotajwa: hakuna hata mtu mmoja. Hesabu makosa: yapo manne, na kila moja lina mahali lilipo na siku zake, isipokuwa la mwisho ambalo halina siku ila lilifanya yale mengine yasionekane. Mkurugenzi aliposoma hakuirudisha tena, ingawa sentensi ya sahihi ya pili inamhusu yeye moja kwa moja. Alisema tu, "Hili la kaimu ni kweli. Tulitengeneze."

*Tahadhari:* katika ofisi yenye watu saba, cheo ni jina. Ukiandika "afisa manunuzi" kwenye *Kilichotokea*, kila mtu pale ofisini, na mfadhili aliyewahi kuja ziara, anajua ni nani. Ndiyo maana hapo juu kitendo kimebebwa na fomu, dokezo, mpango kazi na ombi.

*Tahadhari nyingine:* usiongeze sifa za kufariji, kama "licha ya juhudi kubwa za timu". Msomaji mwenye uzoefu akiziona anajua kuna mtu anafunikwa, anaanza kumtafuta.

7. Cheo kiweke upande wa mbele.

Hapa wengi hunipinga: kama hakuna mtu, nani atawajibika? Vyeo vinaingia, ila vinaingia kwenye kitakachofanyika. Nyuma andika hatua ya kazi, mbele andika mwenye kazi na tarehe:

> *Kitakachobadilika.* (a) Injinia wa miradi ataongeza safu ya sifa za kiufundi kwenye fomu ya ombi, ifikapo 31 Julai. (b) Mkurugenzi atatoa barua ya kukaimisha sahihi ya pili kabla ya kila safari inayozidi siku tatu, kuanzia 1 Julai. (c) Ofisi ya manunuzi itaandika tarehe ya mwisho ya bei kwenye ukurasa wa kwanza wa kila dokezo, na kuanzisha rejista ya maombi yanayorudishwa. (d) Kila mpango kazi wenye uchimbaji utaonyesha masika na vuli kwa rangi, na vifaa viwe vimefika wiki nne kabla.

Linganisha na "manunuzi yafanyike kwa wakati". Yule atakayeandaa mradi mwakani akichukua (b) anajua afanye nini Jumatatu asubuhi. Kama pendekezo lako haliwezi kukaguliwa kwa kuangalia karatasi au kitu, bado hujamaliza kuliandika. "Mafunzo yatolewe kwa watumishi" nalo ulitilie shaka kila unapoliandika. Watumishi wa mfano wetu walijua kazi yao. Kilichokosekana ni safu ya fomu na barua moja ya ukaimu.

8. Wasomee wahusika, kisha safisha faili.

Kabla ya kutuma, msomee kila mtu aliyekuwa karibu na jambo aya inayomgusa. Msomee ana kwa ana, au kwa simu, usimtumie faili. Muulize mambo mawili: kuna tarehe isiyo sahihi? Kuna sentensi ambayo mtu wa nje akiisoma atakutambua? Mabadiliko ya ukweli yakubali ukiwa na karatasi. Ombi la "hiki kitoe tu" lipime kwa swali la hatua ya 5.

Kisha faili lenyewe. Nimeona ripoti iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa ikipelekwa na maoni ya pembeni yakiwa bado yamo: "Huyu ndiye aliyetuangusha." Kwenye Word, kubali mabadiliko yote, futa maoni, halafu pitia:

```
Review > Accept > Accept All Changes
Review > Delete > Delete All Comments in Document
File > Info > Check for Issues > Inspect Document
```

Tafuta pia kila jina kwa `Ctrl+F`, likiwemo jina la utani la ofisini. Angalia viambatisho: orodha ya mahudhurio, muhtasari wa vikao, picha za mazungumzo ya simu. Jina ulilolitoa kwenye ukurasa wa 14 huwa linasubiri kwenye kiambatisho cha tatu.

## Ikikwama

Mfadhili anauliza, "Ni nani hasa?" Mjibu kwa siku na hatua: "Siku 29 kati ya 71 zilipita dokezo likisubiri sahihi ya pili, na barua ya ukaimu imeshatolewa." Mara nyingi anayeuliza jina anataka uhakika kwamba halitarudi. Akisisitiza kwa sababu anashuku ubadhirifu, hilo ni swali la ukaguzi, nalo lijibiwe na uongozi kwa barua yake.

Mkurugenzi anataka jina libaki "ili wengine wajifunze". Mwonyeshe ile karatasi ya tarehe kabla hujamwonyesha aya. Wengi hubadilika wakiona hesabu. Asipobadilika, muombe suala la mtu liende kwenye utaratibu wa nidhamu likiwa na faili lake, na ripoti ibaki na mchakato. Usibishane naye mbele ya wengine.

Kosa lilianzia juu. Fedha za awamu ya pili zilichelewa kutoka kwa mfadhili mwenyewe, kwa mfano. Kanuni ni ile ile kupanda na kushuka: tarehe ya ombi, tarehe ya fedha kuingia, ni sharti gani lilikuwa likisubiriwa, na ratiba yenu ilitegemea nini. Waandishi wengi wanaogopa hapa wakarudi kwenye "changamoto za kifedha". Tarehe mbili zilizoandikwa kwa adabu hazimtukani mtu.

Mhusika mwenyewe anasema, "Andikeni ni mimi, nimekosea." Mshukuru, na usimwandike. Mwombe akueleze alichokuwa anakiona mezani siku ile. Mtu anayejilaumu mara nyingi ndiye mwenye maelezo bora kuliko wote, ila anayafupisha kuwa "nilikosea" kabla hujayasikia.

Karatasi hazipo. Stoo ilihama, kompyuta ilikufa. Tumia taarifa za benki, tarehe za risiti za EFD, picha za eneo la kazi zilizopo kwenye simu za mafundi. Tarehe mbili za uhakika zinatosha kuandika pengo kwa uaminifu: "Kati ya 6 na 24 Januari hakuna kumbukumbu ya ombi lilipokuwa."

Ripoti inatakiwa kesho asubuhi. Chagua funzo moja lililogharimu fedha nyingi au muda mrefu kuliko mengine, ulipitishe hatua ya 3, ya 5 na ya 6. Yaliyobaki yaandike kwa sentensi moja moja zenye tarehe, bila sababu. Sababu uliyoikisia usiku wa manane ndiyo huwa na jina la mtu ndani yake.